Siku ya tano bila choo, na nyuzi msambani

"Shikamoo sista. Nimejifungua siku tano zilizopita, mtoto wangu wa kwanza, kilo 3.6. Nilichanika nikashonwa palepale kitandani. Tangu hapo sijapata choo. Jana haja ilinijia nikajizuia, naogopa nyuzi zitakatika, na sasa nimepunguza kula ili kisije. Mama mkwe amenichemshia sanamaki, anasema na mafuta ya nyonyo yapo. Naweza kunywa huku nanyonyesha? Wifi yangu naye ana mimba ya miezi sita na choo chake ni kigumu kama changu kilivyokuwa. Yeye atumie nini?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua. Kikombe cha sanamaki kiweke kando kwanza, tutakirudia. La haraka ni chakula: leo hii rudi kula kama kawaida. Ukipunguza kula, choo hakiachi kuja. Kinakaa ndani siku nyingi zaidi, na siku kikija kinakuja kigumu zaidi, yaani kilekile unachokikimbia.

Hofu yako ya nyuzi naijua, maana karibu kila mzazi aliyeshonwa huwa nayo, ila wengi wanaona aibu kuisema. Basi tuangalie nyuzi zenyewe ziko wapi. Msamba ni ile sehemu fupi iliyo kati ya uke na tundu la haja kubwa. Kichwa cha mtoto kilipopita, palipochanika ni ukuta wa nyuma wa uke, ngozi ya msamba na, mara nyingi, misuli iliyo chini ya ngozi hiyo. Kama ni hapo tu, huo tunauita mchaniko wa daraja la kwanza au la pili. Choo hakipiti kwenye huo mshono. Kina njia yake nyuma, na njia hiyo kwako haikuguswa. Kinaposhuka, msamba wote unasukumwa chini kidogo, na wewe unahisi kama kuna kitu kitapasuka. Hisia hiyo ni ya kweli, kwa sababu hapo pana uvimbe na kidonda, lakini hisia ya kuvutwa siyo kukatika.

Nyuzi tunazotumia siku hizi huyeyuka zenyewe, lakini haziyeyuki siku ya tano. Zinashika kwa siku kumi au zaidi, kutegemea aina ya uzi, na zimeshonwa tabaka kwa tabaka: uke, kisha misuli, kisha ngozi. Katika miaka yangu ya wodi ya wazazi nimeona mishono ya msamba ikiachia, sikatai, ila karibu yote ilikuwa imeingia wadudu kwanza. Kulikuwa na harufu, usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Uzi mzima kwenye nyama iliyooza ni kama mshono kwenye kitambaa kilicholiwa na nondo: kosa si la uzi. Kwa hiyo hofu yako ihamishe kutoka kwenye choo uipeleke kwenye usafi. Osha kwa maji safi kila ukitoka chooni, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, badilisha pedi kila baada ya saa chache. Na wanaokukanda wasikumwagie maji ya moto kwenye mshono. Nimewahi kumpokea mzazi ambaye kidonda cha kuungua kilikuwa kikubwa kuliko cha kuzaa.

Kuna jambo moja lazima ulihakikishe kabla hujafuata ninayokuandikia hapa chini. Wapo wanaochanika mpaka kwenye msuli unaobana tundu la haja kubwa. Hilo ni daraja la tatu. Wapo ambao mchaniko unafika mpaka ndani ya njia ya haja kubwa yenyewe, na hilo ni la nne. Hao kwa kawaida hupelekwa chumba cha upasuaji wakachomwa ganzi ya mgongoni au wakalazwa usingizi, hupewa antibayotiki, na huondoka na dawa ya kulainisha choo mkononi. Wewe umesema ulishonwa palepale kitandani, hiyo inaelekea daraja la kwanza au la pili. Lakini usibahatishe. Soma karatasi yako ya kuruhusiwa, au piga simu wodini uulize: "Mimi nilichanika daraja la ngapi?" Ni haki yako kujua, na jibu lake linabadilisha dawa moja nitakayokutajia.

Sasa kwa nini choo kimekuwa kigumu. Utumbo mpana una kazi moja kubwa, kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Kadiri mabaki yanavyokaa humo, ndivyo yanavyozidi kukauka. Wewe ulikaa saa nyingi kwenye uchungu bila kula, ukatoka jasho, ukapoteza damu, na sasa maji mengine yanakwenda kwenye maziwa. Misuli ya tumbo imelegea. Ndiyo maana siku mbili au tatu bila choo baada ya kujifungua hazimshtui mkunga yeyote. Tatizo lako limeanzia pale haja ilipokuja ukaizuia. Sehemu ya mwisho ya utumbo ikijaa hutuma taarifa. Usipoitikia, taarifa hufifia baada ya dakika chache na choo hubaki palepale kikiendelea kukaushwa. Ukirudia mara tatu nne, sehemu hiyo inazoea kutanuka na taarifa zinazidi kuwa dhaifu. Kisha kinakuja bonge kubwa, kavu, linauma, na kesho unajizuia kwa sababu limekuuma.

Nilimhudumia mzazi mmoja aliyeletwa siku ya tisa. Naye alishonwa daraja la pili, na alijizuia kama wewe. Siku ya saba choo cha majimaji kilianza kumtoka kidogo kidogo, kinachafua pedi bila yeye kujua. Nyumbani wakasema anaharisha, akapewa vidonge vya kuzuia kuharisha kutoka duka la dawa. Tumbo likajaa, hamu ya kula ikaisha. Nilipompima kwa kidole, taratibu sana, nilikuta bonge gumu limeziba njia, na yale majimaji yalikuwa yanapenya pembeni yake kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe mtaroni. Tulisimamisha vile vidonge. Tukampa kidonge cha gliserini cha kuweka njia ya haja kubwa, na laktulosi mililita 30 asubuhi na jioni. Asubuhi ya pili alitoa bonge lile, akilia, nami nimemshikia pedi msambani. Tukatazama mshono: wote ulikuwa mzima, hata uzi mmoja haukuachia. Nakusimulia kwa sababu mbili. Kwanza, ukianza kutokwa na majimaji baada ya siku nyingi za kukosa choo, usinywe dawa ya kuharisha, nenda kituoni. Pili, ona ni choo cha namna gani kile mshono ulikistahimili, ilhali cha kwako bado hakijafika huko.

Dawa ninayoipenda kwa mzazi kama wewe ni laktulosi. Ni maji mazito matamu ya chupa, hupatikana famasi. Ni sukari ambayo utumbo hauwezi kuisaga, kwa hiyo inafika utumbo mpana ikiwa vilevile, na huko inayashika maji yasinyonywe. Karibu yote inabaki ndani ya utumbo, haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana, basi haifiki kwenye maziwa wala haimharishi mtoto. Anza na mililita 15 asubuhi na 15 jioni, upime kwa kikombe kinachokuja na chupa. Haifanyi kazi usiku huohuo. Inahitaji siku mbili hivi. Wengi huinywa mara moja, hawaoni kitu, wanaiacha na kuhamia dawa kali. Vumilia. Siku za mwanzo itakujaza gesi na tumbo litanguruma, hilo ni la kawaida. Makrogoli, ile ya unga wa pakiti unaokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, inafanya kazi inayofanana, haina gesi nyingi, na baadhi yetu tunaiona bora zaidi, ila bei yake mara nyingi iko juu na si kila famasi inayo. Mojawapo inatosha.

Unachotafuta ni choo laini kinachotoka chenyewe kama ndizi mbivu, siyo kuharisha. Kikianza kuwa maji, punguza kipimo kwa nusu. Choo cha maji kinachafua kidonda na kukuchosha bure. Kikikaa sawa, endelea wiki moja au mbili kisha upunguze kidogo kidogo. Usiiache siku ileile uliyopata choo cha kwanza, maana cha pili nacho kinakuja.

Lakini laktulosi inalainisha kinachotoka juu. Kile kilichokaa langoni tangu jana haikifikii upesi. Hapo ndipo gliserini inaposaidia: kidonge kimoja laini unakiingiza kwenye njia ya haja kubwa, unalala ubavu, na ndani ya nusu saa hivi kinateleza na kuamsha haja. Mchaniko wa daraja la kwanza na la pili haukatazi. Ila kama karatasi yako inasema daraja la tatu au la nne, usiweke kitu chochote huko bila daktari aliyekushona kuruhusu. Hiyo ndiyo dawa niliyokwambia inabadilika. Na kwa daraja lolote, usiweke kipande cha sabuni, wala usikubali bomba la maji ya sabuni la nyumbani. Najua bibi zetu wanatumia. Sabuni inaunguza ukuta wa ndani, na bomba likishikwa na mkono usiozoea linaweza kukugusa palepale paliposhonwa.

Siku yenyewe ifanye hivi. Amka, kunywa kitu cha moto, kula uji au chai na kitu cha kushiba. Tumbo likipokea chakula, utumbo mpana huamka wenyewe, na asubuhi ndiyo nguvu yake kubwa. Baada ya dakika 20 au 30 mpe mtu mtoto uende chooni hata kama haja ni ndogo. Kama choo ni cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, kisha inama mbele uegemeze viwiko mapajani. Nyuma ya njia ya haja kubwa kuna msuli unaoizunguka kama kamba na kuikunja. Mkao huo unailegeza kamba na njia inanyooka. Choo cha kuchuchumaa kinafanya kazi hiyohiyo, ila kama kuchuchumaa kunakuvuta mshono, shika ukuta au kitu imara usining'inie kwa misuli ya msamba.

Chukua pedi safi, ikunje, ishike kwa kiganja juu ya mshono kwa mbele, uibonyeze taratibu. Hiyo inaondoa ile hisia ya kupasuka kuliko maneno yangu yote. Usibane pumzi na kujikamua kama ulivyofundishwa kusukuma mtoto. Fungua mdomo, pumua nje polepole kama unapuliza mkaa usiotaka majivu yaruke, tumbo lipanuke, na uache chini kulegee. Ukimaliza dakika kumi bila kitu, inuka, jaribu tena baada ya mlo mwingine. Kukaa nusu saa ukikamua kunaleta bawasiri. Na kama kuna michirizi midogo ya damu nyekundu kwenye karatasi, mara nyingi ni bawasiri au mpasuko mdogo wa tundu lenyewe, siyo uzi.

Kuhusu chakula kuna ushauri ambao kila mtu anautoa na unatolewa nusu: "Kunywa maji mengi, kula mboga." Maji yanasaidia kama ulikuwa umepungukiwa; ukishatosheka, ya ziada yanakwenda kwenye mkojo tu. Glasi moja kila unapokaa kunyonyesha, na mkojo ukiwa wa rangi hafifu, inatosha. Mboga, maharage na ugali wa dona ni vizuri, lakini usivijaze ghafla leo wakati langoni kuna bonge kavu. Vitaongeza foleni nyuma yake na gesi juu. Kwanza lainisha, choo kikipita, ndipo uongeze mchicha, matembele, kunde na dona kidogo kidogo. Papai lililoiva na maji ya ukwaju unaweza kuanza leo. Supu na mtori wa mama mkwe endelea navyo, ila usiishi kwa hivyo peke yake, maana nyama na mchuzi havina nyuzinyuzi za kukusaidia.

Sasa kikombe cha sanamaki. Mama mkwe hajakosea kabisa, mweleze hivyo kwa heshima. Sanamaki ni dawa ya kweli, inaupiga utumbo usukume, na ya vidonge vya famasi tunaitoa hata kwa wanaonyonyesha, kwa siku chache. Shida ya majani ya kuchemsha ni kipimo: konzi moja leo, konzi mbili kesho, hujui umekunywa kiasi gani, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo juu ya choo ambacho hakijalainika. Kusukuma jiwe kwa nguvu zaidi hakulifanyi kuwa laini. Mafuta ya nyonyo achana nayo kabisa, yanasokota na kuharisha vibaya. Haluli nayo iache dukani. Ikiwa siku mbili za laktulosi zimepita na huna hata haja, famasi wanaweza kukupa bisakodili kidonge cha miligramu 5 usiku, umeze kizima, asubuhi kifanye kazi. Ni ya usiku mmoja au miwili.

Angalia pia dawa ulizorudi nazo. Kama kuna tramadoli au kodeini, hizo zinalaza utumbo, na kwa anayenyonyesha zinaweza kumlegeza na mtoto pia. Uliza kituoni kama unaweza kubaki na parasetamoli na ibuprofeni, ambazo hazifungi choo namna hiyo. Usiache kuyatuliza maumivu kwa kuogopa dawa, maana mwenye maumivu anabana msamba na choo hakitoki. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinakausha choo na kukifanya cheusi, ila usiviache mwenyewe, umepoteza damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza viendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Vikikushinda, mwambie mhudumu abadilishe aina au mpangilio wa kumeza.

Usisubiri jibu lingine kutoka kwangu ukiona homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya, mshono kufunguka, au maumivu yanayozidi kila siku. Nenda siku hiyohiyo pia kama tumbo limejaa, unatapika na hata upepo hautoki. Na kama upepo au choo kinatoka ukeni, au huwezi kabisa kukizuia, usione haya, sema hivyohivyo kwa maneno hayo: inaweza kuwa kuna mchaniko mkubwa uliopitwa siku ya kujifungua, na ukigunduliwa mapema unatengenezwa vizuri zaidi. Nje ya hayo, kama siku tatu za laktulosi zinapita bila choo, nenda ukapimwe.

Wifi yako kisa chake kinaanzia kwingine. Katika mimba, homoni ya projesteroni inalegeza misuli ili mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati, na utumbo nao ni misuli, basi unatembea polepole na maji yananyonywa zaidi. Mji wa mimba unavyokua unaubana kutoka juu, na vidonge vya madini chuma vinaongezea. Kwake anza na chakula, kwa sababu hana kidonda wala haraka: dona badala ya sembe, maharage, mboga, matunda, maji, na kutembea. Isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji, inamfaa, ila kila kipimo kifuatwe na glasi nzima ya maji, vinginevyo inaziba badala ya kufungua. Isiposaidia, laktulosi kwa kipimo kilekile cha mililita 15 mara mbili ni salama kwa mjamzito. Yeye sanamaki ya kuchemsha asiiguse, wala mafuta ya nyonyo, wala shubiri; vinavyousokota utumbo vinaweza kuuchokoza na mji wa mimba. Na akipata maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, asidhani ni choo, aende kliniki akapimwe.

Halafu muulize taratibu, mkiwa wawili tu, kama anakula udongo, ile pemba ya vipande inayouzwa sokoni. Kliniki hawaulizi na wajawazito hawasemi. Udongo nao unakausha choo, na unaweza kuzuia madini chuma yale yale anayoyameza kila siku yasiingie mwilini. Akikubali kwamba anakula, apimwe damu kwenye hudhurio lake lijalo, kwa sababu hamu hiyo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu.